Kutafsiri mkataba wa kukodi ukumbi: arbuni, amana, saa za ziada, uharibifu na kughairi

Mkataba wa ukumbi huwa kurasa mbili au tatu tu, lakini karibu kila sentensi yake imebeba shilingi. Kwa hiyo tafsiri yake haipimwi kwa uzuri wa Kiswahili peke yake. Chukua tukio moja, tuseme sherehe imepitiliza kwa dakika 70. Mpe mtu mmoja nakala ya Kiingereza na mwingine nakala ya Kiswahili, kila mmoja apige hesabu peke yake. Wakitoka na kiasi kilekile, tafsiri imesimama. Wakipishana hata kwa shilingi elfu kumi, kuna neno limedondoka njiani. Mwongozo huu unafuata kipimo hicho kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hapa Dodoma kumbi zilezile za Area D, Kisasa au Ilazo zinapokea semina za wizara na taasisi siku za kazi, na ikifika Jumamosi zinapokea harusi na sendofu. Fomu ya mkataba mara nyingi ni ileile ya Kiingereza iliyoandikwa ikiwalenga wateja wa semina. Inasainiwa na mwenyekiti wa kamati ya harusi, kisha mjumbe mmoja anayejua Kiingereza anaombwa "awawekee wenzake kwa Kiswahili" kwenye grupu. Mjumbe huyo ndiye anayeandikiwa hapa, pamoja na mtafsiri anayeifanya kazi hii kwa malipo.

Tutatumia mfano mmoja wa kubuni. Harusi ni Jumamosi, tarehe 24 Oktoba 2026. Kodi ya ukumbi ni shilingi 3,000,000. Malipo ya kushikilia tarehe ni asilimia 30, yaani 900,000. Kuna fedha nyingine 500,000 ya kujikinga na uharibifu, inayolipwa siku saba kabla ya shughuli. Ukumbi unatolewa kuanzia adhuhuri hadi usiku wa manane, na baada ya hapo kuna tozo ya 150,000 kwa kila saa ya ziada au sehemu yake.

Hatua ya kwanza: wape wahusika majina yasiyochanganyika

Kabla ya kugusa kifungu chochote, amua pande mbili zitaitwaje. Hapa ndipo tafsiri nyingi zinapoharibika mapema. Kamusi inatofautisha vizuri: kukodi ni kuchukua kitu kwa malipo, kukodisha ni kukitoa kwa malipo. Lakini mitaani mtu aliyechukua gari kwa siku mbili husema "nimekodisha gari", na anaeleweka. Ukiandika "mkodishaji atalipa uharibifu wote", nusu ya wasomaji watamfikiria mwenye ukumbi na nusu watamfikiria bwana harusi. "Mpangaji" nalo ni baya zaidi, maana ni aliyepanga chumba na pia ni anayepanga shughuli.

Tumia "Mteja" na "Mwenye Ukumbi", uyaandike kwa herufi kubwa mwanzoni na usiyabadilishe hata mara moja hadi mwisho. Usiseme "Mteja" katika kifungu cha 3 halafu "mhusika" katika kifungu cha 7 kwa kuogopa kurudiarudia. Katika mkataba kurudia neno ni usalama. Mara tu unapoleta jina jipya, msomaji ana haki ya kudhani umeleta mtu mpya.

Kisha tazama nani anasaini. Kamati ya harusi haijasajiliwa popote, kwa hiyo aliyetia saini ndiye Mteja, na deni likitokea ni lake. Ukiandika "Kamati" mahali ambapo Kiingereza kinamtaja mtu mmoja aliyesaini, umewagawia wajumbe kumi na wawili mzigo ambao mkataba haukuwapa, au umempunguzia mwenyekiti mzigo alioubeba kwa kalamu yake.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni kitenzi. Kiingereza cha mikataba kinatenganisha wazi linalolazimu na lile la hiari. Kiswahili chetu cha "-ta-" kinabeba wakati ujao na amri kwa pamoja: "Mwenye Ukumbi atakata tozo kwenye amana" inaweza kusomwa kuwa lazima akate. Pale ambapo asili inampa hiari, andika "ana hiari ya kukata". Pale inapomlazimisha, andika "anapaswa kurudisha" au "atawajibika kurudisha". "Anaweza" liache, kwa sababu msomaji mwingine atalielewa kuwa ni habari ya uwezo tu, kana kwamba mkataba unasema anaweza kama akipata nafasi.

Hatua ya pili: dipoziti ni fedha mbili, na Kiswahili kina majina mawili

Kiingereza kinaita dipoziti fedha ya kushikilia tarehe, na kinaita dipoziti vilevile fedha ya kujikinga na uharibifu. Mtafsiri mwenye haraka anaandika "amana" kote, na hapo mkataba umepinduka.

Amana kwa Mswahili ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze, na mwenyewe akija unamrudishia. Jina linafaa sawasawa kwa zile 500,000: zinakaa kwa Mwenye Ukumbi, si zake, na shughuli ikiisha salama zinarudi. Lakini zile 900,000 za kushikilia tarehe ni sehemu ya bei, na Mteja akijitoa hazirudi. Ukiziita amana, umeahidi kwa neno moja kitu ambacho kifungu kizima kinakikataa, na maneno "haitarudishwa" unayoyaweka mbele yake yanamfanya msomaji aone mkataba unajipinga.

Jina la zile 900,000 lipo tangu zamani: ni arbuni. Ni malipo ya mwanzo yanayofunga mapatano. Biashara ikikamilika yanahesabiwa ndani ya bei, na anayelipa akighairi anayaacha. Wazee wa biashara walilitumia kwenye nyumba, ng'ombe na majahazi, na linakaa pale pale linapohitajika leo. Vijana wengi hawalijui, na wengine wanalisikia kama "rubuni", yaani kuhadaa. Kwa hiyo lifafanue mara moja mwanzoni, kisha ulitumie bila woga. Ukiona wajumbe wako hawatalizoea, "malipo ya kushikilia tarehe" yanafaa. "Advansi" na "kianzio" yanaeleweka, ila hayasemi chochote kuhusu kurudi au kutorudi, hivyo ukiyatumia kifungu chenyewe lazima kiseme.

Maandishi yaliyokamilika yanaweza kuwa hivi:

> Mteja atalipa arbuni ya shilingi 900,000 siku ya kusaini mkataba huu. Arbuni ni malipo ya kushikilia tarehe. Ni sehemu ya kodi ya ukumbi ya shilingi 3,000,000, na haitarudishwa endapo Mteja ataghairi. Mbali na kodi hiyo, Mteja ataweka amana ya shilingi 500,000 siku saba au zaidi kabla ya shughuli. Amana si sehemu ya kodi ya ukumbi. Itarudishwa ndani ya siku saba za kazi baada ya shughuli, baada ya kukata madeni yaliyotajwa katika kifungu cha 6 na cha 7.

Tazama maneno "ni sehemu ya kodi" na "si sehemu ya kodi". Bila hayo, mhazini wa kamati atajumlisha 900,000 na 3,000,000 na kutangaza kwenye grupu kuwa ukumbi ni milioni tatu na laki tisa. Tazama pia "siku saba za kazi". Shughuli imefanyika Jumamosi tarehe 24 Oktoba. Siku saba za kawaida zinaishia tarehe 31 Oktoba, lakini siku saba za kazi zinaanza Jumatatu tarehe 26 na kuishia Jumanne, tarehe 3 Novemba. Neno "za kazi" likidondoka, Mteja atakuwa mlangoni kwa meneja siku tatu kabla ya wakati, akiamini anadhulumiwa.

Na kama bei imeandikwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani haimo, sema hivyo waziwazi. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, milioni tatu zinaongezeka kwa 540,000. Hapa pia "kodi" ni neno la kuangalia, kwa sababu ni malipo ya kukodi na pia ni kodi ya serikali. Andika kila mara "kodi ya ukumbi" kwa ile ya kwanza.

Hatua ya tatu: saa, kabla ya tozo ya saa za ziada

Tozo ya saa za ziada haiwezi kutafsirika sawa kama saa yenyewe haijatafsirika. Kiingereza kinaposema saa 12 usiku, sisi tunasema saa 6 usiku. Hili kila mtu analijua kichwani, lakini mkononi tarakimu hunakiliwa kama zilivyo kwa sababu tarakimu hazionekani kama maneno. "Kuanzia saa 12:00 hadi saa 12:00" ukiliacha hivyo kwa Kiswahili linasomeka kuwa alfajiri hadi jioni, na DJ atapangiwa kufunga vyombo wakati maharusi hawajaingia.

Kila penye saa, geuza tarakimu na uweke sehemu ya siku: saa 6:00 mchana, saa 12:00 jioni, saa 6:00 usiku, saa 7:10 usiku. Kama wasomaji ni mchanganyiko, weka na saa ya mfumo wa saa 24 baada ya mkato: "saa 6:00 usiku, yaani 00:00".

Kisha kuna tarehe, ambayo inatega zaidi. Kwa hesabu ya asili ya Kiswahili siku huanza jua linapozama, na ndiyo maana wapo watu ambao "usiku wa Jumapili" kwao ni usiku unaofuata Jumamosi mchana. Wengine, kwa hesabu ya ofisini, wanaelewa ni usiku unaofuata Jumapili mchana. Kiingereza nacho hakisaidii, kwa sababu usiku wa manane wa tarehe 24 unaweza kuwa mwanzo wa tarehe hiyo au mwisho wake. Tuna neno linalomaliza ubishi: kuamkia. Andika "saa 6:00 usiku wa Jumamosi tarehe 24 Oktoba kuamkia Jumapili tarehe 25 Oktoba 2026". Ni ndefu, lakini hakuna anayeweza kuigeuza.

Sasa tozo yenyewe. Kwanza isiitwe faini wala adhabu, kama asili inasema ni malipo ya muda uliotumika. Faini ni ya aliyekosa. Tozo ni bei ya saa za ziada, na Mteja anaweza kuamua mwenyewe kuzinunua. Tofauti hii haiishii kwenye adabu tu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, katika kifungu cha 74 inazungumzia kiasi kilichotajwa ndani ya mkataba kuwa kitalipwa endapo mkataba utavunjwa: mahakama hutoa fidia ya kadiri inayofaa, isiyozidi kiasi hicho. Ukiandika "adhabu" mahali palipoandikwa bei, umekihamisha kifungu kutoka meza moja hadi nyingine, na si kazi ya mtafsiri kufanya hivyo.

Pili, Kiingereza cha kumbi karibu siku zote husema tozo ni kwa kila saa "au sehemu yake". Maneno haya matatu ndiyo yanayoachwa kuliko yote, kwa kuwa yanaonekana kama mapambo. Rudi kwenye mfano wetu. Funguo zimekabidhiwa saa 7:10 usiku, yaani dakika 70 zimezidi. Tafsiri inayosema "150,000 kwa kila saa" itamfanya mhazini alipe saa moja iliyotimia, 150,000. Mwingine atagawa kwa dakika na kupata 175,000. Nakala ya Kiingereza inadai saa mbili: ile iliyotimia na sehemu ya pili iliyoanza, 300,000. Andika: "shilingi 150,000 kwa kila saa ya ziada, saa iliyoanza inahesabiwa kuwa saa nzima, hata kama ni dakika chache". Kama mkataba unatoa dakika kadhaa za bure kabla ya tozo kuanza, sema pia kama dakika hizo zikipita hesabu inaanzia zilipoisha au inarudi saa 6:00. Kama Kiingereza hakisemi, usijaze mwenyewe. Peleka swali kwa meneja.

Tatu, saa inasimama wapi? Mikataba mingi haihesabu muziki ulipozimwa. Inahesabu ukumbi ulipokuwa mtupu: wageni wametoka, mpambaji ameshusha vitambaa, mpishi ameondoa masufuria, gari la vyombo vya muziki limeondoka. "Kumaliza shughuli" kwa Kiswahili kunamaanisha MC ameaga. Kwa hiyo usiandike "shughuli imalizike saa 6:00 usiku" kama asili inasema ukumbi urudishwe saa hiyo. Andika "Mteja awe ameshakabidhi ukumbi ukiwa mtupu kabla ya saa 6:00 usiku". Mjumbe akiliona hilo mapema atamwambia MC aage saa 4:45, na mpambaji atapata nafasi ya kufungua mafundo yake. Kwa harusi za hapa, ambapo wageni wengine wametoka Kondoa, Mpwapwa au Singida na ukumbini wanaingia saa 2 usiku badala ya saa 12 jioni, saa hiyo moja ndiyo inayoliwa kila mara.

Hatua ya nne: uharibifu na fidia visichanganywe

Kiingereza kina demeji, uharibifu wa kitu, na kina demejizi, fedha inayolipwa na aliyevunja wajibu wake. Kinachotofautisha ni herufi moja mwishoni. Sentensi inayosema Mwenye Ukumbi hatadaiwa demejizi ikigeuzwa kuwa "hatahusika na uharibifu wowote" inakuwa kitu kingine kabisa. Wa kwanza anasema msinidai fedha. Wa pili anaonekana kusema dari likiwaangukia wageni halinihusu. Kila ukikutana na neno hilo simama ujiulize: linavunjika, au linalipwa? Linalovunjika ni uharibifu, linalolipwa ni fidia.

Baada ya hapo chunguza mambo matatu ya kifungu.

La kwanza ni nani ameharibu. Kwa kawaida Mteja anawajibika kwa wageni wake na kwa wote aliowaleta kufanya kazi. Usiishie kuandika "wageni na mawakala". Wakala kwa msomaji wa Dodoma ni wa miamala ya simu au wa tiketi za basi. Andika "wageni wake na watoa huduma aliowaleta, wakiwemo mpambaji, mpishi, mpiga muziki na mpiga picha". Gundi ya mpambaji inayobandua rangi ukutani na nta ya mishumaa kwenye zulia ndizo hasara za kawaida, na mwenyekiti anayesoma "wageni" peke yake hatafikiria kumbana mpambaji kwenye makubaliano yao.

La pili ni bei. Je, kitu kilichovunjika kinalipwa kwa thamani kiliyokuwa nayo, au kwa bei ya kununua kipya? Kiti kilichotumika miaka sita na kiti kipya havina bei moja, na Kiingereza huwa kinasema wazi kipi kinatakiwa. "Atalipa thamani ya kitu" ni tafsiri inayomsaidia Mteja kimyakimya. Kama asili inadai kipya, andika "gharama ya kununua kipya cha aina hiyo". Uchakavu wa kawaida, kama zulia lililofifia kwa kukanyagwa, huwa hauhesabiwi. Maneno hayo matatu, "uchakavu wa kawaida", yanatosha na yanaeleweka.

La tatu, na ndilo linalouma, ni kama amana ndiyo kikomo. Tuseme usiku ule vimevunjika viti 6 vya 45,000 kila kimoja na glasi 10 za 5,000. Uharibifu ni 270,000 na 50,000, jumla 320,000. Saa za ziada zilikuwa 300,000. Deni lote ni 620,000, na amana ni 500,000. Ukitafsiri "uharibifu utalipwa kutoka kwenye amana", msomaji anaelewa kuwa amana ikiisha na deni limekwisha. Kama nakala ya Kiingereza inasema Mteja anawajibika kwa hasara yote na amana ni mahali pa kuanzia kukata tu, bado anadaiwa 120,000. Maandishi ya kufaa ni haya:

> Mwenye Ukumbi ana hiari ya kukata kwenye amana gharama ya uharibifu na tozo ya saa za ziada. Endapo madeni hayo yatazidi amana, Mteja atawajibika kulipa kiasi kilichozidi.

Kama mkataba unataja ukaguzi wa vitu kabla na baada, tafsiri neno hilo kwa vitendo: "pande zote mbili zitahesabu na kukagua vifaa, na kusaini orodha". "Ukaguzi utafanyika" peke yake halimwambii mjumbe kuwa anatakiwa awepo na kalamu.

Hatua ya tano: kughairi, na asilimia ya kitu gani

Chagua vitenzi vinne na usivichanganye. Kughairi ni Mteja kuamua shughuli haipo tena. Kuahirisha ni kuihamishia tarehe nyingine. Kuvunja mkataba ni kutotimiza ulichoahidi. Kusitisha ni kuukatisha mkataba kwa haki uliyopewa na mkataba wenyewe. Mitaani "kukenseli" kunabeba yote manne, na ndiyo sababu mtu aliyetaka kusogeza harusi kwa wiki mbili anaandika ujumbe kuwa "tumekenseli ya tarehe 24" na kujikuta ameangukia kwenye kifungu cha kughairi.

Halafu jedwali la siku. Katika mfano wetu: akighairi zikiwa zimebaki siku 60 au zaidi, anaacha arbuni tu; zikiwa siku 30 hadi 59, anatozwa asilimia 50; zikiwa chini ya siku 30, anatozwa asilimia 100. Kwanza hakikisha hakuna siku iliyoanguka katikati. Fomu nyingine husema "zaidi ya siku 30" katika mstari mmoja na "chini ya siku 30" katika mwingine, na siku ya 30 yenyewe haina kwao. Ukikuta hivyo usiitengeneze kimyakimya. Tafsiri pengo kama lilivyo, weka alama pembeni, na omba pande mbili ziamue na kusaini marekebisho.

Njia nzuri ya kuwaokoa wasomaji ni kuongeza tarehe halisi chini ya jedwali, ukisema wazi kuwa ni maelezo ya mtafsiri. Kwa shughuli ya tarehe 24 Oktoba, siku 60 au zaidi ni hadi tarehe 25 Agosti. Siku 30 hadi 59 ni tarehe 26 Agosti hadi 24 Septemba. Chini ya hapo ni kuanzia tarehe 25 Septemba. Tazama pia siku inahesabiwa kuanzia taarifa ilipoandikwa au ilipopokelewa, na kama ujumbe wa simu unatosha. "Taarifa ya maandishi" kwa wengi siku hizi ni pamoja na ujumbe wa grupu. Kama mkataba unataka barua iliyofika ofisini, andika "barua iliyopokelewa ofisini kwa Mwenye Ukumbi".

Sasa asilimia. Tuseme Mteja ameshalipa arbuni 900,000 na awamu ya 1,100,000, jumla 2,000,000. Barua yake imepokelewa tarehe 10 Septemba, siku 44 kabla. Tafsiri inasema "atakatwa asilimia 50 ya malipo". Malipo yapi? Kama ni yaliyokwisha kulipwa, anakatwa 1,000,000 na kurudishiwa 1,000,000. Kama ni kodi yote ya ukumbi, anakatwa 1,500,000 na kurudishiwa 500,000. Na kama asilimia 50 hiyo inakuja juu ya arbuni aliyoiacha, anakatwa 2,400,000, maana yake harudishiwi kitu na bado anadaiwa 400,000. Majibu matatu yametoka kwenye neno moja. Nakala ya Kiingereza kwa kawaida ina jibu, limo katika maneno madogo ya "ya jumla ya kodi" na "ikiwemo arbuni". Yatafute, na uyaandike: "atatozwa asilimia 50 ya kodi yote ya ukumbi ya shilingi 3,000,000, arbuni aliyokwisha kulipa imo ndani ya kiasi hicho".

Angalia na upande wa kitenzi. Kutozwa asilimia 25 na kurudishiwa asilimia 25 ni vitu viwili vilivyo mbali, na jedwali lililotafsiriwa usiku likiwa na safu moja ya asilimia bila kichwa cha habari limeshapoteza maana. Kila mstari uwe sentensi kamili.

Kuhusu matukio yaliyo nje ya uwezo wa pande zote, jambo ni moja: usiyaite "dharura". Dharura kwetu ni neno pana. Msiba wa shangazi ni dharura, ugonjwa wa bibi harusi ni dharura. Orodha ya Kiingereza kwa kawaida ni mafuriko, moto, vurugu, amri ya serikali na mfano wa hayo, na msiba wa familia haumo mpaka uandikwe. Tafsiri "tukio lililo nje ya uwezo wa pande zote", kisha orodha yote kama ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Kamati ikiona msiba haumo, inaweza kuomba uongezwe kabla ya kusaini. Hilo ni la kwao kujadiliana na meneja.

Hatua ya sita: jaribio la hesabu

Chapisha tafsiri, umpe mtu ambaye hakuiona nakala ya Kiingereza, hasa mhazini. Mwulize maswali manne, naye ajibu kwa kutumia karatasi hiyo tu. Siku ya harusi jumla ya fedha iliyoko mikononi mwa Mwenye Ukumbi inatakiwa iwe kiasi gani? Funguo zikirudishwa saa 7:10 usiku, tozo ni ngapi? Uharibifu ukiwa 320,000 juu ya tozo hiyo, nani anamdai nani, na kiasi gani? Barua ya kughairi ikipokelewa tarehe 10 Septemba na zimeshalipwa 2,000,000, zinarudi ngapi? Majibu ya mfano wetu ni 3,500,000, kisha 300,000, kisha Mwenye Ukumbi anamdai Mteja 120,000, kisha 500,000.

Akikosea swali, usimweleze kwa mdomo. Rudi kwenye sentensi iliyompoteza, iandike upya, umpe mtu mwingine. Wakati huohuo tafuta kifungu kinachosema nakala ipi inafuatwa zikipishana. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, lakini mkataba uliosainiwa kwa Kiingereza bado ndio uliosainiwa. Kama kifungu hicho hakipo, na tafsiri haitasainiwa na pande zote mbili, andika juu ya ukurasa wa kwanza kuwa ni tafsiri ya kuwasaidia wasomaji, ukitaja tarehe ya nakala uliyoitafsiri, kwa sababu meneja anaweza kutoa fomu mpya yenye bei mpya wakati ile ya zamani bado inazunguka kwenye grupu.